Ngao kati ya bomba mbili: mbona joto halikupungua nusu?

Swali: "Nina bomba la moto lenye rediasi ya milimita 25 ndani ya bomba lingine la milimita 100, katikati nimevuta hewa yote. La ndani liko kelvini 600, la nje 300, yote ni chuma kilichochakaa, emisiviti kama 0.8. Nikaweka ngao ya bati lilelile kwenye rediasi ya milimita 90 maana hapo ndo rahisi kufunga. Nilifundishwa ngao moja inakata joto nusu, ila mimi hita imeshuka toka wati 820 hadi 630 tu kwa mita. Nimekosea wapi?"

Kwenye kupima hujakosea kitu, namba zako ni safi kuliko unavyodhani na zinaonyesha vakyumu yako iko vizuri. Ulichofanya ni kuchukua kanuni ya bati mbili bapa ukaipeleka kwenye mabomba. Ile "nusu" ni kweli kabisa, lakini ni ya bati bapa zinazotazamana zenye eneo sawa, na emisiviti ya ngao, yaani uwezo wa uso wake kutoa na kumeza mnururisho, iwe sawa na ya bati zote mbili. Ukishaikunja ngao ikawa silinda, eneo lake linategemea umeiweka wapi, na hapo ndo mchezo wote ulipo.

Tuanze bila ngao. Joto linalotoka bomba la ndani kwenda la nje kwa kila mita ni hili:

```
q = 2*pi*r1*sigma*(T1^4 - T2^4) / [ 1/e1 + (r1/r2)*(1/e2 - 1) ]
```

Sigma ni 5.67e-8 na joto lazima liwe kwa kelvini, ukiweka selsiasi kwenye nguvu ya nne umeharibu kila kitu. Sasa kile cha chini kwenye mabano ndo cha kukitazama, mimi huwa naita ukinzani, ingawa ukinzani wenyewe kamili ni hicho ukigawa kwa eneo la bomba la ndani. Kwako 1/e1 ni 1.25, halafu upande wa bomba la nje ni 0.25 mara 0.25, yaani 0.06 tu. Jumla 1.31. Kile cha juu kwa namba zako kinatoka wati 1082, gawa unapata kama 824 kwa mita. Hiyo ndo 820 yako, hita yako haidanganyi.

Ona jinsi bomba la nje lilivyo na mchango mdogo. Chuma ni kilekile, emisiviti ileile, lakini la ndani limechangia 1.25 na la nje 0.06. Sababu ni kwamba bomba la nje ni kubwa mara nne, na sehemu kubwa ya mnururisho unaotoka kwenye uso wake haumfikii wa ndani kabisa, unavuka na kwenda kupiga upande wake mwenyewe. Kwa vipimo vyako robo tu ndo inarudi kwa bomba la ndani, robo tatu inajipiga yenyewe. Kwa hiyo hata ule mwale ambao bomba la nje limeshindwa kuumeza mara ya kwanza unapata nafasi nyingine na nyingine tena ya kumezwa, na ukitazama toka ndani bomba la nje linaonekana karibu jeusi hata kama siyo jeusi. Shika hili la uso mkubwa uliopinda kujitazama wenyewe, maana ngao yako imeingia kwenye shimo hilohilo.

Ukiweka ngao kwenye rediasi r3, kile cha chini kinaongezeka kipande kimoja katikati:

```
1/e1 + (r1/r3)*(1/e3n + 1/e3j - 1) + (r1/r2)*(1/e2 - 1)
```

e3n ni uso wa ngao unaotazama ndani, e3j unaotazama nje. Kwa bati lako nyuso zote ni 0.8 so mabano ya katikati ni 1.25 jumlisha 1.25 toa 1, yaani 1.5. Kama ingekuwa bati bapa hiyo 1.5 ingeingia nzima, na bila ngao jumla ni 1.5 vilevile, ndo maana unapata nusu kamili. Kwako inazidishwa kwanza na r1/r3, na 25 kwa 90 ni 0.28, kwa hiyo ngao yako imeleta 0.42 tu. Jumla mpya 1.73, na 1082 gawa kwa 1.73 ni 626. Ulipima 630. Hapo hakuna kosa la kutafuta.

Sasa hamisha bati hilohilo, usibadilishe kitu kingine, liweke rediasi ya milimita 30. Kipande cha katikati kinakuwa 1.25, jumla 2.56, joto linashuka hadi 422, yaani karibu ile nusu uliyoahidiwa. Halafu umetumia bati kidogo, theluthi moja tu ya lile la kwanza.

Watu wengi hii inawagomea kichwani, wanaona ngao kubwa "inafunika zaidi". Hapana bwana, ya ndani ikishazunguka bomba lote imefunika kila kitu, hakuna mwale unaopita pembeni. Kazi ya ngao siyo kufunika, kazi yake ni kulazimisha joto limezwe na uso halafu litolewe upya na uso mwingine, na uso ukiwa mpana joto linapita kwa urahisi, kama mlango mpana. Ngao ya milimita 90 ina eneo mara tatu la ile ya 30, kwa hiyo wati zilezile inazimeza na kuzitoa bila taabu.

Kwenye matufe ni mbaya zaidi maana uwiano ni wa rediasi kwa mraba. Ungekuwa na tufe la milimita 25 ndani ya la 100 na ngao hiyohiyo ya 0.8 kwenye 90, ingepunguza joto kwa asilimia 8 tu, yaani ungebaki unajiuliza kama uliiweka kweli. Ukiisogeza hadi 30 inapunguza kama asilimia 45. Fomula ni ileile, unabadilisha r1/r3 kuwa (r1/r3)^2 na r1/r2 vivyo hivyo, halafu juu unaweka eneo la tufe 4*pi*r1^2.

Lakini kabla hujaanza kufungua bolti kwa ajili ya kusogeza, mi ningeanza na kubadili bati. Kusogeza kumekupa toka 626 hadi 422, siyo haba, ila chukua alumini iliyong'arishwa yenye emisiviti 0.05 pande zote mbili na uiweke palepale kwenye 90: mabano ya katikati yanaruka toka 1.5 hadi 39, na joto linashuka hadi wati 89. Kisha ndo uisogeze hadi 30, unafika 32. Kwa hiyo toka 824 hadi 32 na kazi kubwa imefanywa na mng'aro. Ila ung'aro wenyewe ni kitu cha kuuchunga, alama za vidole, vumbi na mafuta ya pampu yanayorudi nyuma vinapandisha emisiviti taratibu, na ikitoka 0.05 ikawa 0.10 joto linakaribia kuwa maradufu. Mtu anavaa glavu kwa sababu hiyo, siyo kwa madoido.

Kuna kitu hapo fomula hii inaficha. Inachukulia kwamba kila uso unatawanya mwale pande zote, kitu ambacho kwa chuma kilichochakaa ni sawa, ila alumini inayong'aa inafanya kazi ya kioo. Uso wa ndani wa ngao ukiwa kioo kweli, mwale uliotoka bomba la ndani ukigonga unarudishwa kwenye bomba la ndani, haupotei kuzunguka kwenye ngao yenyewe, kwa hiyo ile r1/r3 inaondoka kwenye upande wa ndani wa ngao na ukinzani unakua. Ngao ya kioo kwenye 90 ingekupa kama wati 42 badala ya 89, na kwenye 30 kama 29 badala ya 32. So kwa foili inayong'aa mahali unapoiweka kuna uzito mdogo kuliko fomula ya kawaida inavyosema. Foili halisi ikishakunjamana kidogo inakaa katikati ya hizo mbili, na mimi nikikadiria hutumia ile ya kutawanya maana inakosea kwa upande wa usalama, ukipata chini ya hapo ni faida.

Basi kama ndani ni bora, mbona tusiizungushe foili moja kwa moja juu ya bomba la moto? Hapa nimewahi kuumia mwenyewe. Nilizungusha foili nikiwa na haraka, nikaibana vizuri na waya nikijisifu kwamba nimeiweka kwenye rediasi ndogo kuliko zote, halafu kipimo kikanipa karibu maradufu ya hesabu yangu. Nilikaa siku mbili nalaumu pampu. Kumbe foili ikishagusana vizuri na bomba siyo ngao tena, imekuwa ngozi ya bomba, ina joto la bomba, na uso wake wa ndani haufanyi kazi yoyote kwa sababu joto linapita kwa kugusana. Unabaki na uso mmoja tu, wa nje. Kwa vipimo vyako hiyo inatoa kama wati 54, wakati foili ileile ikielea kwa nafasi ndogo bila kugusa ingetoa 27 hivi. Nusu ya kazi imepotea kwa sababu ya waya wa kubania.

Kwa hiyo acha nafasi, milimita 5 inatosha, na shikilia ngao kwa vipini vichache vyembamba vyenye ncha. Ikining'inia kidogo upande mmoja usipoteze usingizi, bomba la ndani bado linaona ngao tu kila upande na jumla ya joto haibadiliki sana. Kuikosa katikati hakuna shida, shida ni kugusa.

Nafasi ndogo hiyo inadai vakyumu ya kweli pia. Milimita 5 za hewa ya kawaida kati ya bomba la kelvini 600 na ngao yenye 511 zinapitisha wati zaidi ya 130 kwa mita kwa njia ya hewa yenyewe, mara nne ya 32 uliyohangaika kuipata. Na kuna mtego: ukivuta hewa hadi paskali 1000 umeondoa asilimia 99 ya hewa na unadhani umemaliza, kumbe kwa nafasi kama hiyo hewa iliyobaki inapitisha joto karibu vilevile kama mwanzo. Molekuli zimepungua ndiyo, ila kila moja sasa inasafiri mbali zaidi kabla haijagongana na mwenzake, vitu viwili hivyo vinafutana. Uwezo huo unaanza kuanguka pale umbali wa kusafiri unapolingana na nafasi yenyewe, kwa milimita 5 hiyo ni jirani na paskali 1, na inabidi ushuke chini zaidi ya hapo ndo hewa iache kuhesabika.

Hiyo 511 sijaitoa hewani. Ukishajua q unaweza kupata joto la ngao kwa kutembea toka ndani: ukinzani wa bomba la ndani hadi kwenye ngao ni 1/e1 + (r1/r3)*(1/e3n - 1), ugawe kwa ukinzani wote, hiyo ndo sehemu ya tofauti ya T^4 iliyoshuka kabla ya ngao. Kwa alumini kwenye 30 ni 17.08 kwa 33.81, nusu na kidogo, inatoka kelvini 511. Ukifanya hesabu hiyo kwa ngao ya 90 unapata 504, karibu sawasawa, maana nyuso mbili za ngao zinazolingana ndo zimebeba karibu ukinzani wote na zinaugawa katikati popote unapoziweka. Alumini inayeyuka kelvini 933 so uko mbali na hatari.

Ila nyuso zisipolingana mambo yanabadilika, na hili ndo kosa ambalo mita ya hita haiwezi kukuonyesha. Tuseme bati lako linang'aa upande mmoja, 0.05, na upande wa pili limechakaa, 0.8, limewekwa kwenye 30. Ukiangalia fomula, e3n na e3j zimejumlishwa tu, so uligeuze upande wowote unapata wati 59 au 60 ileile. Joto lake sasa: ukigeuza mng'aro utazame ndani ngao inakaa kelvini 353, ukiugeuza utazame nje inapanda hadi 588, karibu joto la bomba lenyewe. Wati sawa, ngao tofauti kwa kelvini 235. Kama vipini vyako ni vya plastiki, au kuna gundi au waya wenye mpira umepita hapo, upande mmoja vinakaa salama na upande wa pili vinaungua, na kwenye daftari lako la wati huoni tofauti yoyote. Kwa hiyo ukipata foili ya namna hiyo geuza mng'aro ndani, isipokuwa kama una sababu ya kutaka ngao iwe ya moto.

Kupima joto la ngao tumia waya mwembamba wa kupimia joto uliobanwa juu yake, siyo ile bunduki ya kuelekeza. Bunduki inasoma mnururisho, na uso wa 0.05 unatoa kidogo sana, kinachorudi kwenye bunduki ni taswira ya vitu vilivyo mbele yake pamoja na wewe mwenyewe umesimama hapo. Itakuonyesha ngao ya baridi na utafurahi bure.

Ukishafunga upya, hivi ndo utajua kama joto linapita kwa mnururisho au kuna mahali pamegusa au pamevuja. Tuliza bomba la ndani kwenye kelvini 500, la nje libaki 300, andika wati. Kisha lipandishe hadi 600, subiri litulie kabisa, na ngao nyepesi ndani ya vakyumu inachelewa kutulia kwa hiyo usiwe na haraka, andika tena. Kama ni mnururisho mtupu wati za pili ni mara 2.23 ya za kwanza, kwa sababu zinafuata tofauti ya T^4. Kama ni joto la kupita kwenye vipini, foili inayogusa au hewa, linafuata tofauti ya T tu, 300 kwa 200, unapata mara 1.5 au juu yake kidogo. Ukipata kama 1.9 ujue kuna vyote viwili na kwenye 600 theluthi moja au zaidi ya kinachopotea haipiti kwenye mnururisho, so kung'arisha zaidi hakutagusa sehemu hiyo, kagua vipini na pampu kwanza. Fahamu tu kwamba emisiviti ya chuma kinachong'aa inapanda kidogo joto likipanda, so 2.3 isikushtue.

Ukishapata hiyo 2.2 na wati ziko kati ya 29 na 32, acha ilivyo. Ukitaka ngao ya pili iweke kwenye 35, nayo inaingia kwenye fomula na kipande chake chenye r1 kwa 35, inakushusha hadi 17 hivi, na usiirudishe kwenye 90 eti kwa sababu kule kuna nafasi ya spana.